Mshahara ukiingia leo ugawanywe leo: bahasha za karatasi, pochi za simu au oda ya benki?

Kuanzia tarehe ishirini na kitu ya kila mwezi, foleni za ATM hapa Moshi mjini huanza kurefuka. Wa serikalini hutangulia, wa kampuni binafsi hufuata mwezi ukikaribia kuisha. Karibu kila aliye kwenye foleni ile anajua kwamba pesa hugawanywa siku hiyohiyo inapoingia: ya kodi ya nyumba huku, ya chakula huku, ya ada huku, ya akiba huku. Tatizo ni namna ya kufanya. Mmoja anaapa kwa bahasha za karatasi kama alivyofundishwa na mama yake, mwingine anagawa kwenye laini za simu, wa tatu ameiachia benki imkatie yenyewe.

Nimeziweka njia hizi tatu pamoja ili anayetaka kuchagua aone kila moja inafaa wapi na inavunjika wapi. Msimamo wangu ni huu: kosa la wengi ni kutafuta njia moja ya bahasha zote nne. Bahasha hizi hazifanani. Chakula ni pesa inayotembea, inatoka kila siku. Kodi na ada ni pesa inayolala, inakaa miezi bila kuguswa halafu inatoka yote kwa mkupuo. Ukiziweka sehemu moja, inayotembea itaila inayolala.

Mfano tutakaotembea nao

Tuchukue mhudumu wa mapokezi kwenye zahanati binafsi, anaishi Pasua na mtoto mmoja anayesoma shule ya kulipia ya kutwa. Mshahara wake kwenye mkataba ni shilingi 800,000. Asilimia 10 inakwenda NSSF, yaani 80,000. Inayobaki, 720,000, inakatwa kodi ya mapato: 20,000 kwa sehemu inayoishia 520,000, na asilimia 20 ya zile 200,000 zilizozidi, yaani 40,000. Jumla kodi ni 60,000. Mkononi inafika 660,000, na hiyo ndiyo namba ya kugawa. Anayepanga bahasha kwa namba ya kwenye mkataba anapanga pesa asiyokuwa nayo.

Nyumba yake ni vyumba viwili vya 120,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba, kama walivyo wengi Moshi na Arusha, hapokei mwezi mmoja mmoja. Anataka miezi sita kwa pamoja, 720,000. Ada ni 840,000 kwa mwaka, kwa awamu nne za 210,000. Chakula amekipima kwa siku, si kwa mwezi: 8,000 kwa siku.

| Bahasha | Kiasi kwa mwezi wa siku 31 | Aina |
|---|---|---|
| Chakula | 248,000 | inatembea |
| Kodi ya nyumba | 120,000 | inalala miezi 6 |
| Ada | 70,000 | inalala miezi 3 |
| Akiba | 60,000 | inalala hadi dharura |
| Iliyobaki: nauli, LUKU, maji, gesi, wazazi | 162,000 | inatembea |

Kwa nini chakula kwa siku? Kwa sababu wengi hugawa kwa wiki nne, halafu siku za 29, 30 na 31 zinakuja hazina mwenyewe. Hapo ndipo mkono unaingia kwenye bahasha ya ada, "nitarudisha mshahara ukiingia." Siku tatu za 8,000 ni 24,000, na upungufu wa mwezi mzima mara nyingi huanzia kwenye hiyohiyo 24,000.

Kengele kwanza: ilie kwa tarehe au kwa meseji?

Kabla ya kuchagua bahasha, chagua kengele. Watu wengi huweka kumbusho kwenye kalenda ya simu: tarehe 25, saa mbili asubuhi, "gawa mshahara." Mshahara ukiingia tarehe 28, kengele imelia pesa haipo. Unaizima, na siku pesa inapoingia kweli hakuna kinacholia. Ukiingia mapema, tarehe 23, una siku mbili za kutembea na pesa nzima mfukoni kabla ya kukumbushwa. Mwajiri akiwa na tarehe isiyoyumba kalenda inatosha, lakini kwa zahanati, shule binafsi, hoteli na kampuni ndogo za utalii, tarehe huyumba.

Meseji ya benki haikosei siku. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kufungua mazungumzo ya mtumaji mmoja, kwa mfano benki yako, ukaingia kwenye mipangilio ya arifa za mazungumzo hayo, ukampa mlio wake peke yake. Mpe mlio ambao huutumii kwa kitu kingine chochote. Siku meseji ya mshahara inapoingia, utajua hata simu ikiwa kwenye mkoba. Meseji za makato nazo zitalia hivyohivyo, lakini kuzisoma hizo nazo si hasara.

Kalenda bado ina kazi, ila kazi nyingine. Iweke siku tatu au nne kabla ya tarehe ya kawaida ya mshahara, na iandike "hesabu" badala ya "gawa." Siku hiyo, pesa ikiwa haijaja, kaa uandike kiasi cha kila bahasha. Namba zinazoandikwa mfuko ukiwa mtupu huwa za kweli kuliko zinazoandikwa huku unatazama 660,000 kwenye kioo cha simu. Siku ya meseji hakuna kufikiri tena, unatekeleza karatasi.

Kwa bahasha zinazolala, hesabu ni moja tu: inayotakiwa, toa iliyopo, gawa kwa mishahara iliyobaki kabla ya siku ya kulipa. Anayetumia jedwali kwenye simu aweke inayotakiwa kwenye B2, iliyopo kwenye C2, idadi ya mishahara iliyobaki kwenye D2, halafu:

```
=ROUNDUP((B2-C2)/D2,-3)
```

Itampa kiasi cha leo, kikiwa kimepandishwa hadi elfu kamili. Faida yake inaonekana mambo yasipokaa sawa. Tuseme zimebaki mishahara mitatu kodi ilipwe, na kwenye bahasha mna 240,000 badala ya 360,000 kwa sababu mwezi mmoja uliruka kwa ajili ya msiba. Hesabu itasema 160,000 kwa kila mshahara, si 120,000. Inauma, lakini inauma miezi mitatu kabla mwenye nyumba hajabisha hodi.

Ada pia ina mtego wake hapa. Ukigawa 840,000 kwa 12 unapata 70,000, na namba inaonekana safi. Lakini itazame barua ya shule. Kama awamu ni Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kila awamu ina mishahara mitatu nyuma yake na 70,000 inatosha. Shule nyingine huweka awamu ya nne Septemba. Baada ya kulipa mwanzoni mwa Julai, una mshahara wa Julai na wa Agosti tu, yaani 140,000, na umepungukiwa 70,000. Kwa mishahara hiyo miwili bahasha ya ada inatakiwa ipate 105,000 kwa kila mmoja. Kwa hiyo hesabu tarehe za kulipa, usihesabu miezi ya mwaka.

Bahasha za karatasi

Kwa chakula sijaona kinachoishinda karatasi. Simu inakuonyesha namba, karatasi inakuonyesha unene. Mtu anayefungua bahasha Jumatano akaona noti zimekuwa nyembamba, atanunua dagaa badala ya nyama bila mtu kumwambia.

Kazi yake iko kwenye chenji. Bahasha za chakula zenye noti za elfu kumi tupu hazina maana, kwa sababu ukiivunja noti kwa mboga ya elfu mbili, elfu nane iliyobaki inaingia kwenye pochi na kusahau ilikotoka. Elfu nane ya siku moja ni noti ya elfu tano, ya elfu mbili na ya elfu moja. Kwa hiyo mazungumzo kwa wakala yaanze kabla hujatoa:

"Shikamoo mama. Nataka kutoa laki mbili na arobaini na nane, una noti ndogo?"

"Marahaba mwanangu. Asubuhi hii nina kumikumi tu. Pitia jioni, wa daladala wakishaniletea."

Usione aibu kurudi jioni, bado ni siku ileile. Ukishapata, tengeneza bahasha nne za wiki, kila moja 56,000, na ya tano ya 24,000 kwa zile siku tatu. Andika tarehe za kuanzia na kuishia juu ya kila bahasha. Kama unanunua unga, mchele, mafuta na sukari vya mwezi mzima kwa mkupuo pale Mbuyuni, nunua siku hiyohiyo, kisha iliyobaki igawe kwa siku zilezile.

Toa mara moja. Ada za kutoa pesa kwa wakala zinapanda kwa madaraja, na kutoa kidogo kidogo mara kumi kwa kawaida hugharimu zaidi ya kutoa yote mara moja. Hiyo ni faida ya karatasi ambayo wanaosifia simu huisahau.

Kwa kodi na ada, karatasi ni mahali pabaya. Mwezi wa tano bahasha ya kodi inakuwa na 600,000 ndani ya kabati. Moto, mwizi na mchwa vinajulikana, lakini kinachoitafuna zaidi ni ndugu mwenye shida ya kweli anayejua kwamba pesa ipo ndani. Huwezi kumwambia "sina" huku kabati linakutazama. Dalili ya kwamba karatasi imekushinda ni vikaratasi: ukifungua bahasha ya ada ukakuta "nimechukua 20,000, nitarudisha" zaidi ya kimoja, hamisha bahasha hiyo nje ya nyumba mwezi huohuo.

Pochi za simu

Hapa mtu anatumia M-Pesa kwa matumizi, Airtel Money au Mixx kwa ada, labda na HaloPesa kwa kodi. Kila laini ni bahasha. Inavutia kwa sababu ni haraka: umesimama kituoni unasubiri daladala, bahasha zote nne zimeshajazwa.

Gharama ndiyo ya kutazama kwanza. Kila hatua ina makato: benki kwenda simu, simu kwenda mtandao mwingine, na kutoa. Anayevuta mshahara wote kutoka benki kuja simu, halafu anaanza kuusambaza kwenda laini nyingine na kuurudisha benki, analipa njia mbili kwa pesa ileile. Kama utatumia simu, gawa pesa ikiwa bado benki. Ingia kwenye menyu ya benki yako, kwa mfano *150*03# ya CRDB au *150*66# ya NMB, tuma kila sehemu moja kwa moja inakokwenda, na inayolala usiipitishe kwenye simu kabisa.

La pili ni mikopo midogo ya salio. Ukiwa umewahi kutumia huduma ya kukopeshwa salio likipungua ili muamala ukamilike, deni hilo linajilipa lenyewe pesa inapoingia kwenye laini hiyo. Umetuma 70,000 ya ada, imefika, na sehemu yake imekwenda kulipa deni la wiki iliyopita. Kwa hiyo laini ya bahasha inayolala isiwe na huduma hiyo kabisa, na kabla ya kutuma chochote angalia kama inadaiwa.

La tatu, simu iko mkononi saa ishirini na nne. Laini ya ada ikiwa kwenye simu ileile unayonunulia bando, na namba ya siri ni ileile, umeweka bahasha mbili kwenye mfuko mmoja. Wanaofanikiwa huitoa laini hiyo kwenye simu, wanaiweka kwenye kadi yake, na kuirudisha siku ya mshahara na siku ya kulipa ada. Lakini wakumbuke kuitumia mara kwa mara hata kwa simu moja ya dakika moja, maana laini isiyotumika kwa miezi inaweza kufungwa, na kuifungua kunahitaji kitambulisho na safari ya dukani.

Pochi ya simu ninaipa ile 162,000 ya nauli, LUKU, maji na wazazi. Hiyo ni pesa inayotembea, na nyingi yake italipwa kwa simu hata hivyo, bila kutolewa. LUKU wengi huinunua kwa simu, na bibi aliye Rombo anatumiwa kwa simu.

Oda ya benki

Oda ya kudumu ni maagizo unayojaza tawini, au kwenye programu ya benki kama wanayo: kila tarehe fulani, hamisha kiasi fulani kutoka akaunti ya mshahara kwenda akaunti nyingine. Kwa pesa inayolala, akaunti ya pili ndiyo kabati zuri. Iombe isiwe na kadi ya ATM, isiunganishwe na simu, na uliza kama ina makato ya kila mwezi, kwa sababu akaunti za akiba hazifanani kwa hilo. Kuhamisha kati ya akaunti zako mwenyewe ndani ya benki moja mara nyingi ni bure au ni gharama ndogo kuliko kupitia simu.

Udhaifu wake ni uleule wa kalenda: inafuata tarehe, haifuati mshahara. Ukiiweka tarehe 26 na mshahara ukaingia tarehe 28, siku ya oda akaunti ina shilingi elfu nne. Oda inashindwa. Haichukui hizo elfu nne na kusubiri nyingine. Ni yote au hakuna. Kuna benki zinazojaribu tena kesho yake na kuna zisizojaribu, na kuna zinazotoza faini kwa oda iliyoshindwa. Ulizia mambo hayo mawili kabla ya kusaini. Ukiiweka mbali kwa usalama, tuseme tarehe 3, umejipa siku tano au sita za kuishi na 660,000 ambayo si yako yote.

Kuna oda inayofuata mshahara kweli, nayo ni makato ya mwajiri kupitia SACCOS. Mhasibu anakata kabla pesa haijafika kwako, kwa hiyo haiwezi kuwahi wala kuchelewa. Ila ukijiunga, jua unaweka wapi. Hisa ndizo umiliki wako wa chama, huzitoi kama pesa ya mfukoni. Akiba ndiyo dhamana ya mikopo, kwa kawaida huipati mpaka ujitoe uanachama. Amana ndiyo unayoweza kuichukua kwa masharti ya chama. Ada na kodi ziende kwenye amana. Mtu aliyeweka ada kwenye akiba, Januari ikifika ataambiwa akope pesa yake mwenyewe kwa riba.

Kwa mhudumu wetu wa Pasua, mwajiri hana SACCOS. Ningemwambia asiweke oda kwanza. Aweke mlio wa meseji ya benki, na siku ikilia ahamishe mwenyewe 250,000 (kodi, ada na akiba kwa pamoja) kwenda akaunti ya pili, huku daftari likionyesha ya nani ni ipi. Atazame tarehe za mshahara kwa miezi kadhaa. Zikitulia ndani ya siku mbili, oda iwekwe siku ya mwisho kati ya hizo. Zikiyumba zaidi ya hapo, aendelee kwa mkono.

Akiba ikishajaa kiasi cha kutosha dharura moja kubwa, ziada inaweza kwenda mahali inapoongezeka, kama Mfuko wa Ukwasi, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS. Lakini kuuza vipande huchukua siku za kazi, pesa haiji papo hapo. Ada inayotakiwa Jumatatu iombwe wiki inayotangulia, na ya mgonjwa wa usiku isiwe huko kabisa.

Desemba, inayovunja kila njia

Hapa ndipo ulinganisho unapata mtihani wake. Desemba waajiri wengi hulipa mapema, kabla ya Krismasi. Tuseme mhudumu wetu kalipwa tarehe 20 Desemba, na mshahara wa Januari unaingia tarehe 29. Kati ya hapo ni siku 40. Kwa 8,000 kwa siku, chakula kinahitaji 320,000, siyo 248,000. Pengo ni 72,000, na pesa iliyokuwa ibaki 162,000 imeshuka hadi 90,000 katika mwezi ambao Moshi nzima inajaa waliorudi nyumbani kutoka Dar, nauli zinapanda na mbuzi anasubiriwa kijijini.

Na katikati ya siku hizo 40, kabla ya mshahara kuingia, shule zinafunguliwa. Awamu ya Januari ya 210,000 imejengwa na mshahara wa Oktoba, Novemba na Desemba, kwa hiyo ile 70,000 ya Desemba haina mwezi mwingine wa kuifidia.

Oda ya benki iliyowekwa tarehe 26 itafanya nini? Mshahara umeingia tarehe 20, na siku sita za Krismasi zinapita pesa yote ikiwa wazi. Oda inapofika, imeshamegwa, oda inashindwa, na hakuna anayegundua mpaka Januari. Kengele ya kalenda ya tarehe 25 inalia siku ya Krismasi yenyewe, mtu yuko ibadani. Mlio wa meseji unalia tarehe 20, siku yake. Na bahasha za karatasi, kama zilihesabiwa kwa siku, zinajionyesha zenyewe kwamba haziko nne na kidogo bali ni tano na siku tano juu, na pengo linaonekana mezani siku ileile.

Dawa yake huanza Septemba. Weka bahasha ndogo ya "siku za ziada" na kuitilia 24,000 Septemba, Oktoba na Novemba. Tarehe 20 Desemba ina 72,000 kamili, na chakula cha siku 40 kimetimia bila kugusa ada. Hiyo 24,000 itoke kwenye ile 162,000, na miezi hiyo mitatu ionekane nyembamba, kwa sababu Septemba kubana kunawezekana na Januari hakuwezekani.

Kwa miezi mingine kanuni ni ileile kwa udogo wake. Siku ya kengele ya "hesabu," usiulize mwezi huu una siku ngapi. Uliza kutoka mshahara huu hadi unaofuata ni siku ngapi. Kutoka tarehe 25 hadi tarehe 30 ya mwezi unaofuata kwa kawaida ni siku 35 au 36, na kwa 8,000 hizo za ziada juu ya 31 ni 32,000 au 40,000.

Wa mlimani hana mshahara

Yote hayo ni ya mwenye mshahara. Moshi na Arusha zina maelfu wanaolipwa kwa safari: wapagazi, wapishi na waongozaji wa Kilimanjaro. Kwao oda ya benki haina kazi, kwa sababu hakuna tarehe wala kiasi. Pesa inakuja kwa vipande viwili: tipu siku ya kushuka getini, na ujira ambao kampuni nyingine hulipa siku hiyohiyo na nyingine baada ya siku kadhaa.

Wao wagawe kwa asilimia, na kila kipande kigawanywe siku yake bila kusubiri kingine. Tuseme mpagazi ameshuka Mweka baada ya siku 7 za njia ya Machame, tipu ni sawa na 160,000 na ujira 175,000. Kwa mgawo wa 40 chakula, 20 kodi, 15 ada na 25 akiba, tipu inatoa 64,000, 32,000, 24,000 na 40,000 jioni ileile. Ujira ukiingia wiki ijayo, unatoa 70,000, 35,000, 26,250 na 43,750. Anayesubiri ujira ili agawe vyote kwa pamoja, kwa kawaida hugawa ujira peke yake.

Tipu ya dola isiandikwe kwenye bahasha kabla haijabadilishwa. Noti ndogo na noti za zamani hupewa bei ya chini kuliko noti mpya za mia, na mtu aliyepiga hesabu kwa bei ya kwenye ubao atakuta bahasha ya mwisho imepungua.

Asilimia 25 ya akiba inaweza kuonekana kubwa ukilinganisha na mhudumu wa Pasua, ambaye anaweka chini ya 10. Ni kwa sababu akiba ya wa mlimani ni mshahara wa masika. Aprili na Mei mvua zinapiga, safari zinapungua sana, na chakula cha nyumbani ni kilekile. Kwa hiyo akiba yake ihesabiwe kama bahasha inayolala yenye tarehe: 8,000 kwa siku 61 za Aprili na Mei ni 488,000, toa iliyopo, gawa kwa safari anazotarajia kabla ya mwisho wa Machi.

Na kwa kuwa anakuwa mlimani wiki nzima bila mtandao wa uhakika, bahasha za chakula zikae kwa mama wa nyumbani, zikiwa zimeandikwa tarehe, kabla hajapanda gari la kwenda getini. Za kodi na ada zikae benki kwenye akaunti isiyo na kadi. Mwenye nyumba akikubali, njia nyingine ni kumpelekea sehemu ya kodi baada ya kila safari, ili mradi aandike risiti ya kila kiasi na mwezi unaolipiwa. Wapo wanaokubali, hasa mpangaji akiwa wa muda mrefu. Risiti isiyotaja mwezi usiipokee.